Nyota Kwanza, Reli Mwisho

Kijikaratasi cha laini ya simu hakizidi kiganja. Nilichopewa kutafsiri kilikuwa cha laini ya Omani, ya kuuzwa kwa wageni wanaotua Maskati, wakiwamo Waswahili wanaokwenda kazini au kwa jamaa zao. Kazi ilionekana ya nusu siku: hatua sita kwa Kiarabu, ziletwe kwa Kiswahili, misimbo ibaki ilivyo. Mteja aliandika kabisa kwamba misimbo isiguswe. Nami sikuigusa, na hata hivyo rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kosa katika kila msimbo. Sitaandika misimbo ya kampuni ile. 123 hapa ni mfano tu.

Katika hatua ya kuangalia salio, macho yangu yalisoma hivi kutoka kushoto:

```
#123*
```

Nikaandika hivyo hivyo. Lakini msimbo wenyewe ni huu:

```
*123#
```

Mchapaji hakukosea. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, ila tarakimu ndani yake husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nyota na reli hazina mwelekeo wake wenyewe, kwa hiyo kompyuta huzipa mwelekeo wa maneno yaliyozizunguka. Katika sentensi ya Kiarabu nyota hukaa kulia kwa sababu ndiyo ya kwanza, zinafuata tarakimu, na reli inaishia kushoto. Msomaji wa Kiarabu anaanzia kulia, anapata nyota, 123, reli. Hapotei. Mswahili anaanzia kushoto, na kidole chake kinabonyeza reli kwanza.

Msimbo wa vocha huharibika zaidi, kwa kuwa una makundi mawili ya tarakimu. Unaotakiwa kuwa nyota, 123, nyota, namba za vocha, reli, huonekana kwa anayeanzia kushoto ukianza na reli, kisha namba za vocha, nyota, 123, na nyota mwishoni. Aliyekwangua kadi yake atajaribu mara mbili tatu, kisha atasema vocha ni mbovu na kurudi dukani kugombana na muuzaji asiye na kosa.

Basi msimbo usinakiliwe kwa macho. Uombe kwa mteja kama orodha peke yake, nje ya sentensi. Kama lazima ubaki katikati ya Kiarabu, mpangaji wa kurasa aweke mbele yake herufi isiyoonekana, U+200E, inayoiambia kompyuta kwamba kinachofuata kinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi hiyo moja inatosha kurudisha nyota na reli mahali pake. Kwenye upande wa Kiswahili niliupa kila msimbo mstari wake wenyewe. Hapo haukatwi katikati ukingoni mwa ukurasa, wala haufuatiwi na nukta ya mwisho wa sentensi, ambayo msomaji mwangalifu anaweza kuibonyeza pia.

Baada ya hapo nilikuta kwamba si kila kilichomo ndani ya msimbo ni msimbo. Tazama ule wa kufungua laini iliyojifunga baada ya PIN kukosewa mara tatu. Huu si wa kampuni yoyote. Umo katika kanuni za mitandao ya GSM, na ni uleule Omani, Tanzania au Kanada:

```
**05*PUK*PIN mpya*PIN mpya#
```

Nyota, 05 na reli haziguswi. Lakini neno "mpya" ni lugha, na lazima litafsiriwe, maana hapo msomaji anatakiwa kuweka kitu chake. Ukiacha neno la kigeni, hajui aweke nini. Ukiweka maelezo marefu, hajui msimbo unaishia wapi. Nilitumia neno fupi, kisha chini yake nikaandika mfano uliojazwa kwa tarakimu za kubuni:

```
**05*12345678*4321*4321#
```

Mfano huo ulisema zaidi ya maelezo yangu yote. Unaonyesha kwamba PUK ina tarakimu nane, kwamba PIN mpya inaandikwa mara mbili, na kwamba hakuna nafasi katikati.

PIN na PUK zenyewe niliziacha kwa herufi zake. Kishawishi kilikuwa kuandika "namba ya siri", Kiswahili safi kabisa. Lakini kwa aliyezoea kutuma pesa kwa simu, namba ya siri ni ile ya pesa zake. Tena tarakimu zilizofichwa chini ya rangi ya vocha nazo watu huziita namba za siri. Kijikaratasi kimoja kingekuwa na namba za siri tatu, kila moja na kazi yake. Simu ikijifunga huandika PIN au PUK kwenye kioo, basi karatasi nayo iseme hivyo hivyo, na mara ya kwanza tu iongeze kwamba PIN ndiyo inayofunga laini, na PUK ndiyo inayoifungua ikishajifunga.

Vitenzi navyo vilinisumbua. Asili ilitumia kitenzi kimoja, cha kupiga, kwa misimbo yote. Kwa Kiswahili havifanani. Msimbo wa salio unauandika kisha unabonyeza kitufe cha kijani, ndipo unasafiri hadi kwenye mtandao na jibu linarudi. Msimbo wa PUK, au `*#06#` unaoonyesha namba ya utambulisho ya simu yenyewe, hufanya kazi papo hapo reli inapobonyezwa, kwa sababu unaishia ndani ya simu na laini yake. Kwa huo wa kwanza niliandika "andika, kisha piga". Kwa huu wa pili niliandika "andika hadi reli" na nikaacha hapo.

Vilevile kusajili si kuwasha. Laini inasajiliwa dukani kwa pasipoti, mbele ya muuzaji, na inawashwa na mwenyewe kwa kuiweka kwenye simu na kupiga mara ya kwanza. Rasimu yangu ilitumia "sajili" kwa yote mawili, na rafiki aliyeisoma akaniuliza kwa nini anatakiwa kurudi dukani alikotoka.

Alama nazo zinahitaji majina. Tanzania reli inaeleweka, lakini Mkenya huenda anaijua kwa jina la hashi. Niliweka mstari mmoja juu kabisa: alama ya `*` ni nyota, alama ya `#` ni reli au hashi. Kisha sikuyarudia majina hayo ila katika "andika hadi reli", maana kwingine chini alama zimo kwenye misimbo yenyewe.

Kabla ya kuchapa, nilimpa kijikaratasi mtu asiyejua Kiarabu, pamoja na laini mpya na simu, nikamkataza kuniuliza. Mtafsiri hawezi kujipima, kwa sababu vidole vyake vimeshajua msimbo. Na msimbo wa PUK usijaribiwe na yeyote kwa tarakimu za kubahatisha. PIN ikikosewa mara tatu kuna PUK ya kuokoa. PUK ikikosewa mara kumi, laini imekufa, na hakuna msimbo wa kuifufua.