Hongereni, si Hongera

Vijana wengi wanasema pongezi ni maneno yale yale tu, hayana ufundi. Mimi nabisha. Gumu kuliko yote ni lile neno mtu analoandika chini ya picha ya harusi, au ya mtoto mchanga, ya aliyekuwa mpenzi wake. Pale kila herufi inasomwa: na mume, na mawifi, na sisi majirani hapa kambini.

Tuchukue mfano. Dada mmoja alipanda ndege ya nchi ya tatu kwenye faili la wazazi wake. Kijana wake akabaki Nyarugusu, sababu faili lake lilikuwa jingine. Miaka ikapita, dada akaolewa kule, na leo ameweka picha ya mtoto Facebook. Kijana angeweza kuandika: "Hongera, nakutakia furaha uliyoitafuta." Kwa sura ni maneno mazuri. Lakini "hongera" na "nakutakia" vinaongea na mtu mmoja, kama vile mume hayupo pichani. Halafu "uliyoitafuta" inafungua kesi upya: aliitafuta wapi, na alimwacha nani? Akiandika "hatimaye umepata mtoto", ndiyo kabisa. "Hatimaye" ni neno la mtu aliyekuwa anahesabu miaka.

Sasa soma hili: "Hongereni Mama na Baba Neema. Mungu amkuze mtoto." Angalia kazi ya ile "-ni" ndogo. Imewapongeza wote wawili kwa mkupuo mmoja. "Mama Neema" ni jina ambalo jirani yeyote angemwita. Lile la utani, la siku zao, limebaki nje. Na dua imekwenda kwa mtoto, ambaye hana deni na mtu.

Wengine watasema huo ni unafiki. Ni baridi kidogo, sawa, lakini unafiki ni kudai hisia usiyokuwa nayo. Kijana hakusema amefurahi, wala hakusema moyo wake umepona. Amesema jambo ambalo anaweza kulitaka kweli hata kama usiku hakulala: mtoto akue.

Ila maneno hayo hayo yakitumwa kujibu stetasi ya WhatsApp yanageuka. Jibu la stetasi linaingia kwenye mazungumzo ya watu wawili, wengine hawalioni. "Hongereni" ya faragha ni kubisha hodi, na mwenzako inabidi aamue kufungua au kutofungua, huku mume yuko pembeni. Uzuri wa pongezi hii ni kwamba inasomwa na wote. Na kama waliachana kwa kipigo, au dada alishaomba asitafutwe, hakuna neno zuri hapo. Anyamaze.

Akijibiwa "asante" tu, aisome hivyo hivyo ilivyo. Asante maana yake asante, bana.