Kuisoma Ncha ya Nyanya

Bwana shamba stadi huutazama mche wa nyanya kuanzia juu. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunayaona majani mapana ya chini yamejiviringisha kama gome la mdalasini, na hapo hapo tunatamka rasta, ule ugonjwa wa virusi ambao wapo wanaouita ngumi. Mara nyingi majani hayo ya chini hayana ugonjwa wowote. Ni jua kali, au maji yamepungua, au mkulima amepogoa kwa pupa. Jani la namna hiyo ni nene, ni la kijani kibichi, linakatika kwa mlio ukilikunja, na juu yake ncha inaendelea kutoa majani mapana na maua. Habari ya virusi haiandikwi chini. Inaandikwa pale mche unapokua.

Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Inzi mweupe, mdudu wa takriban milimita moja, hufyonza utomvu wa mche mgonjwa kwa dakika kadhaa akameza virusi pamoja nao. Virusi hupita utumboni, huingia mwilini na kufika kwenye mate yake, na baada ya hapo anaweza kuviambukiza kwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi kufa kwake. Mwaka 1997 watafiti walieleza aina ya virusi hivi iliyotoka kwenye nyanya za Tanzania, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la ugenini. Ukishaumwa, mche huonekana mzima kwa wiki mbili hadi tatu. Jani lililokwisha kukomaa kabla ya hapo hubaki na umbo lake. Yale yanayochipuka baadaye ndiyo yanayodumaa: kingo zinainuka juu hadi jani linakuwa kikombe, njano inaanzia pembeni na kuingia kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, pingili zinafupika, na kichwa cha mche kinasimama wima kikiwa kichaka kidogo kilichobanana. Maua yanapukutika. Matunda yaliyokwisha kushika kabla ya ugonjwa huendelea kukua kama kawaida, na hilo huwafariji watu bure.

Ugumu unakuja pale dawa nayo inapoumiza ncha. Dawa ya wadudu iliyozidishwa kipimo, au iliyopigwa saa sita ya jua, ni rahisi kuitambua: inaunguza majani yaliyokuwepo siku hiyo, ikiacha mabaka makavu na kingo za kahawia, na jani litakalofuata hutoka safi. Dawa ya magugu aina ya 2,4-D, inayopigwa sana kwenye mahindi, ndiyo yenye hila. Inaingia ndani ya mche na kusafiri mpaka kwenye ncha, ikavuruga ukuaji wenyewe. Hapo majani mapya yanaharibika na ya zamani yanasalimika, sawasawa na kwa virusi, na mengine hujikunja kwenda juu. Anayetegemea mkunjo peke yake atakosea.

Niliuona ustadi huo ukifanya kazi Ilula, Iringa, kwenye shamba la mama mmoja aliyepanda nyanya aina ya Tanya ambazo zilikuwa na wiki kama sita tangu zihamishwe kitaluni. Siku tisa kabla ya hapo alikuwa amepiga dawa ya kantangaze kwa bomba la kuazima. Bwana shamba aliyeitwa alikuwa mzee mstaafu.

“Shikamoo, bwana shamba. Sijui ni dawa imenichomea, sijui ni rasta.”

“Marahaba, mama. Bomba uliliazima kwa nani, na yeye alilipigia nini mara ya mwisho?”

Aliliazima kwa jirani, na jirani alikuwa ametoka kupiga magugu kwenye mahindi yake. Bomba lilisuuzwa kwa maji matupu, mara moja.

Mzee hakutoa jibu. Alimwomba mama amwonyeshe alikoanzia kupiga, kisha akatembea kwa kufuata njia ile ile ya bomba. Kwenye mistari ya bomba la kwanza kila mche ulikuwa umeumia, bila kuruka hata mmoja. Shina lilijisokota, vikonyo vilipinda kuelekea chini, na mama akakumbuka kwamba aliviona vimelegea vile kesho yake asubuhi. Majani mapya yalikuwa membamba, yamechongoka, na mishipa yake ilikwenda sambamba imebanana hadi nchani. Njano haikuwepo. Bomba la pili madhara yalikuwa hafifu, na la tatu ilibidi uinamie mche ndipo uyaone. Hivyo ndivyo mabaki ya dawa yanavyojimaliza kadiri bomba linavyojazwa upya. Ingekuwa ni dawa iliyopeperushwa kutoka shamba la jirani, madhara yangepungua kwa kufuata upepo. Inzi mweupe hana mpangilio wa namna hiyo, wala hafuati mstari.

Mbele kidogo, ambako bomba la tatu na la nne lilipita, kulikuwa na miche mingine iliyodumaa, hapa mmoja, pale miwili, ikizidi upande wa bondeni ambako masalia ya nyanya za msimu uliopita yalikuwa bado yamesimama. Vijani vyake vilikuwa vidogo, lakini umbo la jani la nyanya lilikuwepo. Vilikuwa vikombe vya njano pembeni.

Hapo mzee alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ufundi huu: alihesabu majani kurudi nyuma kutoka nchani. Kwa joto la kipindi kile alikadiria jani moja kwa siku tatu, kwa hiyo siku tisa ni majani matatu. Akaongeza mawili, kwa kuwa majani yaliyokuwa bado yamefumba siku ya dawa nayo huumia. Matano, basi. Kwenye mche wa bomba la kwanza, jani la sita kutoka juu lilikuwa zima. Kwenye ile ya bondeni, manane yalikuwa yamejikunja. Ugonjwa ulikuwa umeanza kabla bomba halijaazimwa.

Mama aligeuza jani akasema haoni inzi weupe. Mzee akamjibu kuwa aliyeuleta ugonjwa alikuja wiki kadhaa zilizopita, na huenda kantangaze ilipopigwa dawa naye alikufa. Upande wa pili ni kweli pia: inzi weupe wengi chini ya jani hawathibitishi kwamba wamebeba virusi.

Miche ya bondeni iling'olewa asubuhi ya pili, kungali na baridi na inzi wamezubaa, ikatiwa mfukoni pale pale iliposimama na kwenda kufukiwa pamoja na masalia ya zamani. Ile ya bomba la kwanza iliachwa. Mzee alifunga kitambaa chini ya ncha za michache ili kila kitakachoota juu ya kitambaa kisomwe peke yake. Baada ya wiki mbili, juu ya vitambaa vingi majani yalianza kupanuka, ingawa matunda ya kwanza yalitoka yameumbuka na hayakupelekwa sokoni.

Mche mmoja uliokuwa mwishoni mwa bomba la kwanza ulikuwa na dalili zote mbili, majani membamba na njano pembeni. Mzee aliugeuza huku na huko, akasema maabara ingeweza kuutolea jibu, yeye hawezi. Mama akaung'oa.