Hisa Tano za Mpwa

Hisa tano kati ya mia, zilizoandikwa kwa jina la mpwa, ndizo zilizomgharimu mfanyabiashara wetu wa Mombasa shilingi milioni tatu za kodi ya faida ya mtaji, nami sioni haja ya kuificha hukumu yangu hadi mwisho wa safu: lile halikuwa fumbo la sheria wala bahati mbaya, bali lilikuwa taksiri ya washauri waliolipwa ujira ili waisome aya moja, wakaisoma nusu. Kisa chenyewe kimekwisha kuzungumzwa vya kutosha, na wasomaji wa safu hii wanayajua majina. Mimi sitayataja, na tarakimu nimezikata zikawa za duara ili hesabu ifuatike.

Mzee huyu aliuza vifaa vya ujenzi kwa jina lake mwenyewe kwa miaka mingi, na alipoona mikopo ya benki inakuwa mikubwa kuliko mtu mmoja kuibeba kwa nyumba yake na shamba lake, akaazimu kuigeuza biashara iwe kampuni yenye dhima ya kikomo. Azma hiyo ilikuwa njema. Bidhaa za dukani zikahesabiwa na kuingizwa vitabuni kwa kima chake, lori mbili zikahamishwa kwa utaratibu, kampuni ikapewa nambari yake ya kodi, wafanyakazi wakahamishiwa kwa mwajiri mpya, na mzee akaambiwa mapema kwamba hasara alizozibeba kutoka miaka ya nyuma ni zake yeye, wala hazingeifuata kampuni. Haya yote yalifanywa vizuri.

Palibaki kiwanja na ghala lake. Kiwanja kilinunuliwa kwa shilingi milioni nne, na ghala likajengwa kwa milioni sita, kwa hiyo gharama yote ni milioni kumi. Leo mthamini wa serikali anasema milioni thelathini. Washauri wakaandika mkataba kwamba kampuni inainunua milki hii kwa milioni kumi, yaani kwa bei ileile iliyomgharimu mzee, na malipo yake si fedha bali ni hisa mia za kampuni: tisini na tano kwa mzee, na tano, kwa maelekezo yake, kwa mpwa wake aliyeliendesha duka kwa uaminifu. Wakafunga faili, wakapeana mikono.

Yapo mambo matatu waliyoyadhani, na ni vyema kuyafuata moja baada ya jingine, kwa sababu ndiyo yanayorudiwa katika afisi nyingi.

Walidhani kwanza kwamba pasipo fedha hapana faida, na kwamba bei iliyoandikwa mkatabani ndiyo bei. Jedwali la Nane la Sheria ya Kodi ya Mapato halikubali hivyo. Milki inapohama bila mapatano ya watu wawili walio mbalimbali, kila mmoja akitetea mfuko wake, au inapohama baina ya wenye uhusiano, bei iliyoandikwa huwekwa kando na thamani ya soko huchukua mahali pake. Mzee na kampuni yake mwenyewe si wageni waliokutana mnadani. Basi milioni kumi ikafutwa, ikaandikwa thelathini, faida ikawa milioni ishirini, na asilimia 15 yake ni milioni tatu. Kodi hii, ambayo nchini Kenya ilisimamishwa mwaka 1985 ikarudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5 tu, ilipandishwa kuwa asilimia 15 tangu tarehe 1 Januari 2023, na nina hakika nusu ya washauri tulionao bado wanaikadiria kwa moyo wa zile asilimia 5, kama jambo dogo la kumalizia faili.

Hapo wangeweza kusamehewa, kwa maana jedwali hilohilo limeweka mlango. Katika aya ya sita, sheria inahesabu mambo ambayo, ijapokuwa milki inabadilisha jina, hayahesabiwi kuwa ni uhamisho wa kutozwa kodi: mume kumpa mke au mke kumpa mume, wanandoa waliotengana kugawana kwa suluhu, mzazi kuwapa watoto, na mwishoni kabisa, kuipa milki kampuni ambayo hisa zake zote, asilimia mia, zimeshikwa na wanandoa, au na mmoja wao pamoja na jamaa wa karibu. Nani jamaa wa karibu? Aya yenyewe inajibu: ni watoto wa wanandoa hao. Ndugu hayumo. Mama hayumo. Mpwa, hata akiwa ndiye aliyelifungua duka kila alfajiri na kulifunga kila jioni, hayumo.

Inasemekana mzee alipoelezwa alimwuliza mhasibu wake, “Mwanangu, mpwa wangu si damu yangu?” na mhasibu akajibu, “Ni damu yako, mzee, lakini si damu ya Jedwali.” Ni jibu la kuchekesha, ila lingekuwa na manufaa kama lingetolewa miezi minne kabla.

Na dhana ya pili ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ina sura ya hesabu na si hesabu. Walikiri kwamba mpwa yuko nje ya aya, wakajipa moyo kwamba hasara yake ni ya kiasi: akiwa na hisa tano katika mia, basi sehemu tano katika mia ya kodi ndiyo itakayodaiwa, nayo ni shilingi elfu mia na hamsini, kiasi ambacho mzee angelipa kwa furaha kumridhisha kijana. Lakini asilimia mia katika aya ile si kipimo cha kugawanya msamaha. Ni sharti la kuupata. Sharti likitimia, milki yote inapita bila kodi. Likikosekana kwa hisa moja tu, faida yote inarudi mezani, ile ya hisa tisini na tano za mzee pamoja na ile ya hisa tano za mpwa. Mwenye kuisoma aya kwa sauti, polepole, hawezi kuikosa maana hii. Wao, nadhani, waliisoma katika muhtasari wa mtu mwingine.

Kwa nini basi mpwa aliingizwa siku ileile ya kwanza? Hapa narudi kwa adui wangu wa siku nyingi, nayo ni ile fomu ya zamani iliyokaa vichwani mwa makarani wetu. Chini ya sheria ya makampuni tuliyokuwa nayo, Sura ya 486, kampuni binafsi haikuundwa ila kwa watu wawili kwa uchache, na kila afisi ikawa na desturi ya kutafuta mtu wa pili: ndugu, dereva, mpwa, yeyote aliye karibu na kalamu. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 iliiondoa haja hiyo, ikaruhusu mwanahisa mmoja, lakini desturi haikuondoka. Mzee aliambiwa, “Lazima tuweke mtu wa pili,” naye akamtaja aliyemwamini. Mke wake alikuwa nyumbani, mzima wa afya, na hisa hizohizo tano zingeandikwa kwa jina lake bila ya kodi hiyo hata senti moja. Hakuna aliyemwuliza.

Ama mimi nikiona ufundi wa aina hii humkumbuka Aron Salomon, mshona viatu wa London, ambaye mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati wake ilidai wanahisa saba. Akawapata saba bila kutoka nje ya mlango wake: yeye, mkewe, binti yake na wana wanne, hisa moja kwa kila mmoja wao na 20,001 kwake mwenyewe. Biashara aliiuza kwa kampuni kwa karibu paundi 39,000, na sehemu ya bei akaichukua kwa hati za deni za paundi 10,000 zilizodhaminiwa na mali ya kampuni. Kampuni ilifilisika upesi, mahakama za chini zikamwita mjanja, ndipo Mabwana wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakasema kampuni ni mtu mwingine mbali naye. Ni kweli kwamba Salomon hakuikuta kodi ya faida ya mtaji. Uingereza haikuwa nayo hadi mwaka 1965. Lakini orodha yake ya wanahisa ukiipima leo kwa aya ya sita ya Kenya inapita bila doa, ilhali yetu, iliyoandikwa kwa eCitizen na watu wenye shahada, imeshindwa.

Dhana ya tatu ilikuja baada ya ajali. Mmoja wa washauri alikimbilia aya ya kumi na tatu, inayosamehe uhamisho unaotokana na kuundwa au kupangwa upya kwa kampuni, akashangilia neno la kuundwa kana kwamba limeandikwa kwa ajili ya mzee. Aya hiyo ina masharti: kuwa sheria imelazimisha, au serikali imeamuru, au ni mpango wa ndani ya kundi la makampuni usiomgusa mtu wa nje, au ni maslahi ya umma yaliyokubaliwa na Waziri. Mzee hakulazimishwa na yeyote, na mtu mmoja si kundi la makampuni. Ombi lilirudi kama lilivyokwenda.

Ushuru wa stempu sikuutia katika hesabu, kwani una sheria yake na misamaha yake, inayoombwa peke yake. Lakini mwenye kupanga fedha aujue, maana katika manispaa ni asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi milioni moja na laki mbili kwa milki hii pale msamaha usipopatikana. Na tangu marekebisho ya mwaka 2023 kodi ya faida huiva siku ya kupokewa kwa bei kamili au siku ya kusajiliwa kwa hati, ile itakayotangulia, kwa hiyo mzee aliyelipwa kwa karatasi za hisa alitakiwa kulipa kwa fedha taslimu, akazitoa katika mtaji wa saruji na mabati.

Njia zilikuwapo. Kiwanja kingeweza kubaki kwa jina la mzee na kampuni ikapangishwa ghala: kodi ya pango ingepunguza faida ya kampuni na kutozwa kama mapato yake yeye, wala hati isingeguswa, na mpwa angeshika hisa zake katika kampuni ya bidhaa na malori. Mimi ningeichagua hii. Au, kabla ya hati kupelekwa kusajiliwa, hisa tano zingeondolewa kwa mpwa zikapewa mke wa mzee, na shukrani kwa mpwa zikalipwa kwa mshahara na bakshishi ya mwaka. Kuzihamisha baada ya usajili hakufai kitu, kwani sharti hutazamwa pale milki inapohama. Na wale wanaopanga kumwingiza mpwa wiki moja baada ya hati kutoka, wajue kwamba Kamishna anazo tarehe zote mbili, na sheria imempa uwezo wa kuutazama mpango mzima kama jambo moja.

Alichobakiwa nacho mzee ni pingamizi la makadirio, linalowekwa ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa, nalo laweza kubishania thamani tu: akithibitisha kwamba ghala na kiwanja vina thamani ya milioni ishirini na sita badala ya thelathini, atapunguziwa shilingi laki sita.