Utafiti wa dripu katika dakika kumi

Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Tokeo lake kuu linasemeka kwa pumzi moja: watoto wenye homa kali waliopewa dripu ya haraka walikufa kwa wingi kuliko wale ambao hawakupewa. Likisemwa hivyo tu ni hatari. Mtu anaweza kutoka ukumbini na kesho yake akamnyima maji mtoto anayeharisha, na hali watoto wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuingizwa katika utafiti huo.

Nilipoipanga hotuba ya dakika 10 juu ya makala hiyo, kwa ukumbi wenye wauguzi, maofisa wa afya wa wilaya, watakwimu na waandishi wa habari, hatari hiyo ndiyo iliyoamua mgawanyo wa muda. Dakika ya kwanza ni ya swali lenyewe: mtoto mwenye mshtuko amiminiwe maji mengi kwa kasi, au la? Historia ya matibabu nimeiacha nje. Dakika 2 zinazofuata ni za nani aliyeingia na nani aliyeachwa.

Slaidi ya sehemu hiyo ina safu mbili. Kushoto: umri wa siku 60 hadi miaka 12, homa kali, kuzimia au kulegea au kupumua kwa shida, pamoja na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, kama mikono na miguu ya baridi. Kulia, kwa herufi kubwa zaidi: utapiamlo mkali na kuharisha, hawamo. Safu ya kulia naisoma kwa sauti, neno kwa neno. Ni mahali pekee katika hotuba nzima ninaposoma kilichoandikwa ukutani.

Kisha dakika moja na nusu kwa makundi matatu: dripu ya haraka ya albumini, dripu ya haraka ya maji ya chumvi, na kundi la kulinganisha. Hapa msikilizaji asiye tabibu hukwama, kwa kuwa akisikia “hawakupewa dripu ya haraka” huelewa kwamba hawakupewa kitu. Basi slaidi inamchora mtoto wa kilo 10. Katika kundi la kulinganisha alipata mililita 25 hadi 40 kwa saa, maji ya kawaida ya kumdumisha, pamoja na dawa zake. Katika makundi mengine mawili aliongezewa mililita 200 hadi 400 juu ya hayo, kwa kasi. Mchoro wa chupa mbili za ukubwa tofauti unatosha. Jedwali la mpango wa utafiti halihitajiki.

Saa ikifika dakika 4 na nusu, slaidi ya matokeo lazima iwe wazi. Nimeipa dakika 3, tena ina namba chache. Katika saa 48 walikufa asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa maji ya chumvi na 7.3 katika kundi la kulinganisha. Kwa vile dripu mbili zilitoa tokeo moja, naziunganisha: viwanja viwili vya nukta 100, kimoja kina nukta 7 nyeusi, cha pili 10 na nusu. Makala inasema pia kwamba hatari iliongezeka kwa asilimia 45. Ni sahihi, lakini mwandishi wa habari akiisikia kwanza ataandika kwamba karibu nusu ya watoto walikufa. Naitaja baadaye, baada ya ukumbi kuona kwamba tofauti ni watoto 3 hivi katika kila 100. Mtakwimu naye atataka upana wa makadirio. Unakaa chini ya mchoro, 1.13 hadi 1.86, bila kusomwa.

Dakika moja na nusu inabaki kwa mipaka. Hospitali hizo hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi vyenye mashine za kupumulia, kwa hiyo makala haiwezi kumwambia daktari mwenye mashine hizo afanye nini. Utafiti ulisimamishwa mapema, watoto 3,141 wakiwa wameshaingizwa kati ya 3,600 waliokusudiwa.

Dakika ya mwisho inarudisha safu ya “hawamo” kando ya zile nukta, na slaidi hiyo inabaki ukutani wakati wa maswali. Watoto 29 waliokuwa na presha ya chini mno, ambao makala inawachambua peke yao, wamo katika slaidi ya akiba. Swali lao huja karibu kila mara kutoka kwa madaktari, na ni bora lijibiwe likiulizwa kuliko kula sekunde 40 za safu ya kulia.