Boga katika Mahame: Kibwagizo na Ugomvi wa Boma katika Wimbo wa Lawino

Katika mijadala yetu ya ushairi simulizi, kibwagizo hupimwa zaidi kwa sikio: kinarudi lini, kina mizani mingapi, na hadhira inakipokeaje. Makala haya yanauliza swali jingine. Kibwagizo kinaporudi baada ya mambo kutokea, je, bado kinasema kile kilichosemwa mwanzo? Mfano wangu ni utenzi wa Okot p'Bitek wa Uganda, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kwa Kiacholi, kwa jina la Wer pa Lawino, mwaka 1969.

Kisa chenyewe ni cha boma moja la Waacholi. Lawino ni mke wa kwanza wa Ocol, mwana wa chifu aliyesoma. Ocol amempata Clementine, ambaye Lawino humwita Tina, na sasa anamtukana Lawino pamoja na ukoo wake wote. Kinachorudi katika wimbo ni methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga lililo katika mahame. Hairudi kila ubeti kama kibwagizo cha shairi letu la pwani. Inatoweka kwa sehemu nyingi, na umbali huo ndio unaoipa nafasi ya kubadilika.

Neno mahame lina uzito hapa. Waacholi walipohama, shina la boga lilibaki likitambaa penye boma la kale, nalo likaendelea kuzaa. Aliyehama hakukatazwa kuhama. Alikatazwa kuharibu kinachoweza kumlisha yeye au mwingine kesho. Tukitafsiri kwa "boma la zamani" pekee, msomaji huona nyumba ambayo wazee bado wanaishi, na methali hugeuka amri ya kutobadilika. Kosa hili ni dogo kwa neno, kubwa kwa maana.

Methali inapofunga sehemu ya pili, tumetoka kusikia kejeli kali juu ya midomo na poda ya Tina. Hapo inasikika kama silaha ya uke wenza. Lawino ndiye boga, Tina ndiye mkono unaong'oa. Hata hivyo Lawino mwenyewe ameshasema kwamba hamzuii mumewe kumtaka mwanamke mwingine; anachokataa ni kudharauliwa.

Kisha ugomvi hupanuka. Katika sehemu ya kumi na moja, Ocol yumo katika chama cha Democratic, ndugu yake yumo katika Congress, na Lawino anakatazwa kuzungumza na shemeji yake, mtu ambaye kwa desturi ni wa kutaniana naye. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, wimbo unapofikia ukali wake wa kweli. Wanaohubiri umoja wa taifa wameshindwa kula pamoja katika boma moja. Msomaji aliyekwishasikia methali haitaji kukumbushwa. Boga si mke tena. Ni udugu, na anayeling'oa si mgeni bali mwenye boma.

Katika sehemu ya kumi na tatu, ya mwisho, Lawino hamfukuzi mpinzani wake. Anamtaka Ocol apone na kuwaomba radhi wazee wake, na anamruhusu hata amnunulie Tina nguo. Kwa nafsi yake anaomba nafasi moja tu ya kucheza mbele ya mumewe. Ndipo boga linarudi kwa mara ya mwisho, na safari hii katazo halimlengi Ocol peke yake. Linamhusu kila mtu, na mimi nalisoma kuwa linamfunga hata Lawino aliyeanza kwa kumchekea mke mwenzake.

Uthibitisho kwamba hili si pambo la sauti tunaupata katika Wimbo wa Ocol wa 1970. Ocol anapojibu, anaiacha hoja ya wivu na kulishambulia boga lenyewe. Analiona limeoza, limejaa wadudu, na anaahidi kuligeuza mbolea pamoja na kung'oa miti inayotenga ardhi za koo na kuzinyamazisha lugha za wenyeji. Mpinzani amekielewa kibwagizo kuliko wahakiki wengi.

Mwendo wa Kiacholi, lazima ikubaliwe, ulipotea sana katika Kiingereza; mtunzi mwenyewe alikiri katika ukurasa wa jina la kitabu kwamba ameua mahadhi na vina. Lakini ongezeko la maana lilivuka, kwa sababu lilijengwa juu ya mpangilio wa matukio, wala si juu ya vina. Kwa hiyo wanaoandaa diwani za shule wana uamuzi wa kufanya. Sehemu ya pili ndiyo rahisi kudondolewa, kwa kuwa inachekesha. Ikisomwa peke yake, mwanafunzi hukutana na methali mara moja tu, katika kinywa cha mke mwenye hasira, na hujibu mtihani kwamba Lawino anapinga usasa. Ukurasa mmoja wa sehemu ya kumi na moja na mwisho wa sehemu ya kumi na tatu, vikiwekwa kando yake, vinatosha kulizuia jibu hilo.