Baa ya 11

Kuna wakati nilikuwa nalipa nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Chuo nilikuwa nimeshaacha, lakini insha za chuo ziliendelea kunifuata. Usiku mmoja ikaingia kazi ya muziki: eleza tofauti za kimtindo kati ya muziki wa baroko na wa klasiki. Maneno elfu moja, kufikia asubuhi. Nikafikiri, hii ni rahisi sana. Baroko ni sauti nyingi zinazosokotana, klasiki ni melodi moja na kisindikizo chini yake. Baroko imejaa mapambo, klasiki ni safi. Mpaka ni mwaka wa 1750, Bach alipofariki. Nikatuma, nikalala.

Insha ilirudi na swali moja pembeni: "Katika baa gani?"

Baa hapa si ile ya mtaani. Ni kale kasehemu kadogo ka muziki, kati ya mstari mmoja wa wima na mwingine, ambako unahesabu moja, mbili, tatu, nne. Aliyesahihisha alitaka kujua mahali hasa ambapo nilisikia hayo niliyoandika. Na kusema ukweli, sikuwa nimesikia chochote. Nilikuwa nimenakili yale ambayo kila mtu hunakili.

Basi nikachukua vipande viwili ambavyo karibu kila mwanafunzi wa piano amewahi kuvigusa. Cha kwanza ni preludi ya Bach katika C kubwa, BWV 846, inayofungua kitabu chake cha mwaka wa 1722. Cha pili ni sonata ya Mozart, K. 545, nayo katika C kubwa, ambayo yeye mwenyewe aliiandika katika orodha ya kazi zake tarehe 26 Juni 1788. Vitafute vyote viwili, uvisikilize kimoja baada ya kingine. Preludi ni fupi, na ya Mozart inatosha sehemu ya kwanza.

Kitu cha kwanza kuanguka ni ile hoja ya sauti nyingi. Preludi ya Bach haina sauti zinazoshindana. Wala haina melodi ambayo ungeipigia mluzi ukiwa kwenye matatu. Ina umbo moja tu: noti mbili za chini, tatu zinazopanda, tatu hizohizo tena. Noti 8. Kisha 8 zilezile zinarudiwa, baa imeisha. Baa inayofuata, umbo ni lilelile, ila kundi la noti limebadilika kidogo. Anaenda hivyo baa 32 bila kupumzika. Baa mbili kabla ya mwisho ndipo umbo linalegea, na baa ya 35 ni kundi moja linaloshikiliwa hadi life.

Upande wa pili, ukidhani Mozart ni melodi na kisindikizo tu, sikiliza mwisho wa simfonia yake ya Jupiter. Aliimaliza tarehe 10 Agosti 1788, wiki 6 na siku chache baada ya ile sonata. Pale anachukua vimelodi vitano na kuvifanya vilie kwa wakati mmoja, kila kimoja kikienda njia yake. Mtu yuleyule, kiangazi kilekile. Kwa hivyo wingi wa sauti hautatuambia tuko katika mtindo gani.

Sasa tofauti iko wapi? Mimi niliisikia kwenye baa ya 11.

Bach anaanza katika C, na kufikia baa ya 11 amefika kwenye G. Ni safari halali kabisa: baa ya 10 imeandaa njia, na sikio linakubali kwamba tumewasili. Lakini yeye hasimami. Noti 8, noti 8. Baa ya 12 besi bado iko G palepale, ila juu yake kundi la noti limegeuka likawa chungu, na ule utulivu umeshapita. Ni kama kupita mji wako ukiwa ndani ya gari la moshi. Umeuona dirishani, lakini hukushuka.

Mozart naye anaanza katika C. Mkono wa kulia unaimba melodi inayopanda, wa kushoto unavunjavunja makundi ya noti chini yake. Baa nne. Kisha melodi inaacha kuimba na kuanza kukimbia, ngazi juu ngazi chini. Kufikia baa ya 12 naye yuko kwenye G. Tofauti ni kwamba anasimama. Noti zinagongwa, kisha kimya. Baada ya kimya hicho kifupi inaingia melodi nyingine kabisa, inayoshuka pale ambapo ya kwanza ilipanda, na sasa G ndiyo nyumbani. Kufikia baa ya 28, anapoweka alama ya kurudia, ameshabadilisha umbo la mwendo angalau mara nne.

Angalia kwamba wote wawili wanatumia mbinu ileile ya kuvunja kundi la noti, kupiga moja baada ya nyingine badala ya zote pamoja. Kwa Bach, huo uvunjaji ndio wimbo wenyewe. Kwa Mozart ni sakafu ambayo mwimbaji anasimama juu yake. Chombo kimoja, kazi mbili.

Hapo ndipo ningeweka tofauti sasa. Bach hapa anachagua hali moja na kuichimba hadi mwisho, na habari zote ziko katika jinsi makundi ya noti yanavyobadilika chini ya umbo lisilobadilika. Mozart anajenga kwa vipande vyenye mwanzo na mwisho, vinavyojibizana, na kufika mahali kunakuwa tukio. Kipimo changu cha mtaani ni hiki: uliza ni wapi ungeweza kukohoa bila kuaibika. Kwa Mozart, baa ya 12. Kwa Bach, ngoja watu wapige makofi.

Lakini kipimo hiki kinapima tabia, hakipimi tarehe. Domenico Scarlatti alizaliwa mwaka wa 1685, mwaka mmoja na Bach, na sonata zake za hapsikodi husimama ghafla na kubadilisha mwelekeo kila mara. Pergolesi alitoa kichekesho chake cha kuimbwa, La serva padrona, mwaka wa 1733, chenye vifungu vifupi vinavyopumua, wakati Bach bado alikuwa na miaka 17 ya kuishi. Kwa hivyo ule mpaka wangu wa 1750 ni tarehe ya mazishi tu. Hata Mozart hafuati kitabu: kanuni ya darasani inasema melodi ya kwanza hurudi katika ufunguo wa nyumbani, ila kwenye K. 545 inarudi baa ya 42, katika F.

Niliandika insha upya, nikataja kila baa. Ikapita. Jina lililokuwa juu yake halikuwa langu, na maksi zilienda kwa mtu ambaye sijui kama aliwahi kuisikiliza ile preludi. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza katika miaka miwili ambalo nilikuwa nalijua kwa masikio yangu mwenyewe. Kazi ile niliiacha. Hii ya leo ina jina langu.