Mke Mpya na Pingu za Maisha: Kadi ya Pongezi Kutoka Ng'ambo

Mgeni aliyewahi kufanya kazi katika mgodi mmojawapo wa Geita, na ambaye sasa amerejea kwao Ulaya, alipata habari kwamba kijana aliyefanya naye kazi anaoa. Kijana huyo ni Msukuma wa Shinyanga. Bibi harusi ni Mzinza wa Geita. Mgeni akaandika kadi kwa Kiswahili. Jamaa wa bwana harusi waliona inachekesha kidogo, wakaipeleka kwa karani mmoja ainyooshe kabla mshereheshaji hajaisoma ukumbini. Kwa hiyo tunazo kadi mbili za kuzipima, na rai yetu ni kwamba ya kwanza, pamoja na makosa yake, inaishinda ya pili.

Kadi ya mgeni ilisema hivi: "Rafiki zangu wapendwa, hongera kwa harusi. Nimefurahi kusikia kwamba mmefungwa pingu za maisha. Samahani siwezi kuja. Bwana harusi, nakupongeza kwa mke wako mpya. Nawatakia bahati njema. Wabeja. Rafiki yenu."

Kosa zito liko katika maneno mawili: "mke mpya". Katika lugha ya mwandishi, bila shaka, sifa hiyo yaeleza tu kwamba ndoa ni ya juzi. Katika Kiswahili, kitu huitwa kipya kwa kulinganishwa na cha zamani. Tukisema mwalimu mpya amefika, msikilizaji ajua kwamba yuko aliyetangulia. Basi mke mpya humfanya msikilizaji aulize wa kwanza yuko wapi. Swali hilo si la mzaha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, au inayotarajiwa kuwa ya wake wengi, na ndoa ya wake wengi si jambo geni Usukumani. Wazazi wa binti waliokubali posa kwa kuamini kwamba mwana wao anaingia nyumba isiyo na mke mwingine wangeweza kushtuka mbele ya wageni. Dawa yake ni nyepesi: mfasiri alifute neno "mpya", aandike "mkeo". Hakuna kinachopungua.

Lakini karani hakuishia hapo. Aliandika "nakupongeza kwa kuoa". Sarufi yake ni safi, ila amemwacha bibi harusi nje ya pongezi, kwa kuwa kwa mazoea ya lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mgeni naye alikuwa na upungufu huo huo, maana alimsemesha bwana peke yake. Wako wanaopendekeza "kuoana". Tunalikubali neno hilo, ingawa wazee wengine hulitumia zaidi kwa koo mbili zenye desturi ya kupeana wachumba. Penye shaka, "kufunga ndoa" kwatosha, kwani wote wawili ndio wanaofunga.

Hapo twafika kwenye pingu. Karani aliufuta usemi wote, akidhani ni tafsiri mbovu ya kigeni. La hasha. "Kufunga pingu za maisha" ni usemi wetu, na magazeti yetu yameuzoea mno, pengine kupita kiasi. Kosa la mgeni lilikuwa herufi moja: alisema "mmefungwa" badala ya "mmefunga". Herufi hiyo ya kauli ya kutendwa ndiyo iliyowageuza maharusi kuwa mahabusu. Anayefunga pingu za maisha ametenda kwa hiari yake. Aliyefungwa pingu amekamatwa. Mhariri aliyefuta usemi mzima kwa ajili ya herufi moja amefanya kazi isiyohitajika, na amemnyang'anya mgeni tunda la kujifunza kwake.

Kuhusu "hongera", walimu wengi hutuuliza kama ni sahihi kusema "hongereni". Wanaokataa husema kwamba hongera ni jina, na jina halichukui kiambishi -ni cha kuamrisha watu wengi. Hoja hiyo ina mantiki, lakini haishindi matumizi. Twasema "karibuni" na "kwa herini", ilhali hakuna anayedai kwamba heri ni kitenzi. Msemaji huongeza -ni anapotambua kwamba aliowaelekea ni zaidi ya mmoja, na hiyo ni adabu kabla ya kuwa sarufi. Mgeni hakukosea aliposema "hongera", lakini kwa maharusi wawili waliosimama mbele ya watu, "hongereni" lina joto zaidi.

"Bahati njema" nalo lahitaji kuangaliwa. Humfaa anayekwenda kufanya mtihani, au mchimbaji mdogo anayeshuka shimoni bila kujua kama atakuta mwamba mtupu. Katika ukanda wa dhahabu maana hiyo ya kubahatisha iko wazi kuliko mahali pengine. Ndoa haitakiwi bahati. Hutakiwa heri na baraka. Vivyo hivyo, "samahani siwezi kuja" ni maneno ya mtu aliyekosa kikao. Tena kadi itasomwa siku yenyewe, wageni wakiwa wamekwisha kuketi, kwa hiyo wakati uliopo haufai. Kiswahili kina "sikujaliwa kufika", kauli inayokiri kwamba nia ilikuwapo na uwezo ndio uliokosekana.

Sasa tuitazame kadi ya karani kama ilivyotoka: "Ninayo heshima kuwasilisha kwenu salamu za pongezi kufuatia tukio la kufunga ndoa, na kuwatakia mafanikio katika utekelezaji wa majukumu yenu mapya." Hakuna kosa la sarufi hata moja, na hakuna rafiki ndani yake. "Kufuatia tukio" tumezoea kulisikia katika taarifa za ajali na moto. "Utekelezaji wa majukumu" humfaa ofisa aliyehamishwa kituo. Hii ni lugha ya jalada, na ubaya wake ni kwamba yaonekana sanifu, hata vijana wakadhani kuwa usanifu ndio huo.

Limebaki neno "Wabeja". Karani alilifuta kwa sababu si Kiswahili. Sababu hiyo haitutoshi, kwa kuwa salamu ya kindugu yaweza kubeba neno la nyumbani. Tatizo ni lingine. "Wabeja" kwa Kisukuma ni asante, si pongezi. Na bibi harusi si Msukuma. Mgeni alitafuta lugha ya wenye harusi akaikuta ya upande mmoja, ilhali lugha yao wote wawili ni ile aliyokwisha kuiandikia tangu mstari wa kwanza. Kama angependa kulibakiza, lingemfaa kuwashukuru wazazi wa bwana kwa kumwalika, pamoja na neno la shukrani kwa wazazi wa bibi.

Sisi tungeinyoosha hivi: "Rafiki zangu wapendwa, hongereni sana. Nimefurahi kusikia kwamba mmefunga pingu za maisha. Sikujaliwa kufika, maana niko mbali na likizo yangu imekwisha. Nawapongeza nyote wawili, na nawapongeza wazazi wa pande zote mbili. Mungu awape heri na baraka katika ndoa yenu. Rafiki yenu." Sababu ya likizo ni ya mfano tu, mfasiri amwulize mwandishi iliyo ya kweli, wala asimtungie.